Vijana wa mjini na ndoa, hela inazuia wapi hasa

"Kila nikiwauliza wadogo zangu wa Dar kwa nini hawaoi wananiambia maisha magumu. Mbona sisi tulioa tukiwa na kitanda na jiko la mchina tu? Ni hela kweli au wanataka makuu?"

Kaka, vyote viwili vipo ila naona watu wanaangalia hela isiyo yenyewe. Wengi wanataja gharama za harusi, ukumbi, MC, gari, wakati harusi ya Dar kwa sehemu kubwa inabebwa na michango, kamati inakaa, kadi zinatoka, single bei yake double bei yake, na hata milioni 15 inaweza kupatikana kwa bwana harusi ambaye akaunti yake haina milioni mbili. Shida ni kwamba hela hiyo inakuja kwa ajili ya sherehe tu. Hujawahi kuona kamati inakaa kuchangia kodi ya nyumba, hiyo unajibeba mwenyewe.

Chukua kijana mwenye mshahara wa 700,000, kasoma kwa mkopo wa bodi. Mfuko wa hifadhi unakata asilimia 10 ambayo ni 70,000, bodi asilimia 15 ambayo ni 105,000, kodi ya mshahara kama 42,000, kinachoingia mkononi ni kama 483,000. Toa nauli, chakula, na ile ya kumtumia mama kijijini, akijibana sana anaweka 80,000 kwa mwezi. Sasa chumba na sebule cha 200,000, mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, yaani milioni 1.2, basi hapo ni miezi 15 ya kujibana kabla hajanunua hata godoro na mahari haijaguswa. Akiuguliwa na mzazi katikati anaanza upya.

Ila ukiishia kwenye hesabu hiyo hujajibu kitu, maana muuza matunda na dereva wa bodaboda hawana hata hiyo 483,000 na wanaishi na wake zao na watoto wawili. Hapo ndo upande wa pili una hoja. Kuna kipimo cha "kujipanga" ambacho mtu aliyesoma amewekewa na nyumbani, na wenzake, na yeye mwenyewe, kwamba huwezi kumtoa binti wa watu mwenye digrii kwao ukampeleka chumba kimoja choo cha kushea, na wazee wa binti wakipokea barua ya posa nao wanakumbuka ada walizolipa. Kwa hiyo shule inayompa kijana mshahara mzuri kidogo ndiyo inayompandishia gharama ya kuanza maisha. Mi siiti hiyo tamaa, kijana anaogopa kuaibika.

Na dada naye ana hesabu zake, wengi hatuzisikilizi. Likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo ipo kisheria, lakini akiwa na mkataba wa mwaka mmoja anajua mimba ikiangukia karibu na mwisho wa mkataba anaweza asiongezewe. Na kwa kawaida akishaolewa anaulizwa mtoto ndani ya mwaka, basi anasubiri apate ajira ya kudumu kwanza. Huyu hata ukimpa nyumba bure leo bado anasubiri.

Wala si Dar tu. Korea Kusini wana mtindo wa jeonse, unampa mwenye nyumba amana kubwa, mara nyingi zaidi ya nusu ya thamani ya nyumba, unakaa bila kodi ya mwezi na unarudishiwa ukihama, na kwa desturi upande wa mwanaume ndio uliotarajiwa kuleta makazi. Mwaka 2023 wastani wa kuoa mara ya kwanza kule ulikuwa karibu miaka 34 kwa wanaume na 31 na nusu kwa wanawake. Ni nchi tajiri kuliko sisi mara nyingi lakini mlango ni uleule, fungu kubwa la mwanzo linalotakiwa kabla ya siku ya kwanza.

Tofauti yetu ni kwamba huku wengi hawasubiri kuishi pamoja, wanasubiri harusi. Wanahamia, wanazaa, ndoa "tutafunga mambo yakikaa sawa". Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 160 inawatambua kwa dhana ya ndoa, kama wameishi pamoja miaka miwili au zaidi na jamii inawaona mke na mume, ila dhana hiyo inaweza kupingwa mahakamani. Jamaa akifariki ndugu wakaja kudai kiwanja, mwanamke ndiye anahangaika kutafuta majirani na mjumbe waje kuthibitisha, mwenzake mwenye cheti anakitoa tu kabatini. Kwa hiyo kabla hujawaambia wadogo zako wanataka makuu, waulize kwanza kama kweli bado wanaishi peke yao.