Barua Nilizomwandikia Mke wa Rafiki Yangu

Jumamosi nilikuwa nakunywa kahawa na rafiki yangu karibu na mnara wa saa, Moshi mjini. Tulilala bweni moja enzi za sekondari, kwa hiyo hatuogopani.

"Mangi, mahaba yamekufa," akaanza. "Mjukuu wangu kaachana na mchumba kwa ajili ya tiki za bluu. Kijana kasoma meseji usiku, kajibu asubuhi. Yameisha!"

"Si angezizima tu?"

"Kazizima. Kumbe ukizima zako, na wewe huoni za mwenzio. Sasa hata usingizi hapati."

Nikacheka, maana hivyo ndivyo tulivyoishi sisi. Mwaka 1986 ukituma barua kwa msichana aliyeko bweni Tabora, inaingia kwenye S.L.P. ya shule, matroni anaifungua kwanza. Ikinukia poda, imekwisha. Ndiyo maana nyuma ya bahasha tulijiandika majina ya dada zetu. Jibu likija baada ya wiki tatu, umebahatika.

"Na wiki hizo tatu ulikuwa unamuwaza yeye tu," akasema. "Leo nani anamuwaza mtu wiki tatu?"

Hapo ana hoja, simnyimi. Ila anajisahaulisha kitu: barua zake niliziandika mimi. Nilikuwa na mwandiko, na bei yangu ilikuwa vijiko viwili vya sukari kwa ukurasa. "Ama baada ya salamu, madhumuni ya barua hii..." halafu nabadilisha jina tu. Kuna siku nilichoka nikaweka karatasi ya kaboni, nikawatolea wateja wawili barua kwa mkupuo. Wasichana wenyewe kumbe wanalala kitanda cha juu na cha chini. Sukari ya watu niliirudisha.

Kwa hiyo mimi naona kijana anayeuliza mwenyewe "umekula?" kila mchana, hata bila koma wala nukta, anatushinda.

"'Umekula' nayo ni mahaba?"

"Wewe ulishawahi kumuuliza mama watoto wako?"

Akageukia kashata.

Bahati nzuri mwenyewe akatokea, anatoka sokoni Mbuyuni na kikapu cha ndizi. Nikamuuliza kama zile barua bado anazo.

"Ninayo moja, shemeji. Ile ya mistari minne, aliyoniomba nimtumie stempu kwa kuwa hela imemwishia."

Rafiki yangu akaruka. "Na zile za theluji ya Kibo na macho yako?"

"Zile niliwashia moto siku nyingi," akasema, akimkabidhi kikapu abebe. "Mwandiko haukuwa wako."