Wimbi la sini: tubadilishe kasi ya taima au hatua ya fezi?

"Nina jedwali la sampuli 256 za wimbi la sini kwenye maikrokontrola ya MHz 16. Kwa nini nisibadilishe tu kasi ya taima nipate masafa ninayoyataka, badala ya kuongeza kilimbikizi cha fezi?"

Njia hiyo inafanya kazi, na ina sifa moja ambayo watetezi wa kilimbikizi huipita haraka mno: kila duru ya wimbi hupitia sampuli zote 256, moja baada ya nyingine, bila kuruka hata moja. Duru zote zinafanana kabisa.

Taabu inaanza ukichagua masafa. Kwa Hz 440 unahitaji sampuli 112,640 kwa sekunde, yaani taima ihesabu mapigo 142.045. Taima haijui nusu wala robo ya pigo, kwa hiyo unaweka 142 na kupata Hz 440.14. Hapo hakuna wa kulalamika. Sasa jaribu Hz 1000: yanahitajika mapigo 62.5. Ukiweka 62 unapata Hz 1008, ukiweka 63 unapata Hz 992, na katikati hapo hapana kitu. Kadiri unavyopanda, ndivyo mapengo yanavyopanuka, na mapigo 62 ni machache sana kwa programu kuingia kwenye katizo, kusoma jedwali na kutoka.

Kuna jambo jingine lililonisumbua siku nzima. Nilipokuwa nikipandisha masafa taratibu, wimbi lilikuwa likikwama mara moja moja kwa milisekunde 4 hivi. Kumbe taima yangu ya biti 16, nikiipa kikomo kidogo kuliko hesabu iliyokwisha kufika, hukikosa kikomo hicho na kuendelea hadi 65,535 ndipo irudi sifuri. Mapigo 65,536 kwa MHz 16 ni milisekunde 4.1, na namba hiyo ndiyo iliyonionyesha kosa lilipo.

Kilimbikizi kinageuza mambo. Taima inabaki palepale, tuseme katizo 32,000 kwa sekunde, na kinachobadilika ni hatua M tunayoijumlisha kila mara kwenye `fezi`:

```c
uint32_t fezi, M;
// ndani ya katizo:
fezi += M;
toa(jedwali[fezi >> 24]);
```

Namba ya biti 32 ikijaa inazunguka yenyewe na kuanza upya, na mzunguko huo mmoja ndio duru moja ya wimbi. Biti 8 za juu zinachagua sampuli. 24 za chini zinatunza sehemu ya safari ambayo bado haijatosha kufika sampuli inayofuata. Masafa yanatokana na hesabu hii:

```
f = M × 32000 / 2^32
```

Kwa Hz 440, M inatoka 59,055,800.32, unaacha desimali na kosa lililobaki halifiki hata sehemu tatu kwa milioni za Hz moja. Kristali yenye kosa la sehemu 50 kwa milioni itakupotosha kwa Hz 0.022, mara elfu kadhaa zaidi ya hapo. Ndiyo maana naona biti 24 zingetosha kwa kazi nyingi za sauti. Ukibadilisha M, wimbi linaendelea kutoka lilipofika, mradi usirudishe `fezi` kwenye sifuri, maana hapo ndipo spika inapolia "tak".

Lakini gharama ipo. Zile biti 24 tunazozitupa wakati wa kusoma jedwali ni kosa la fezi linalojirudia kwa mpangilio, na kitu kinachojirudia kwa mpangilio huonekana kama miiba pembeni ya wimbi kwenye kichambuzi cha masafa. Kwa anwani ya biti 8, mwiba mkubwa hukaa karibu desibeli 48 chini ya wimbi lenyewe. Kila biti ya anwani unayoongeza huushusha kwa desibeli 6 hivi, kwa hiyo jedwali la sampuli 1024 linakupa kama 60. Njia ya taima haina miiba ya aina hii.

Upande wa juu pia una ukuta. Kivuli cha wimbi hutokea kwenye 32,000 ukitoa masafa yako. Kwa Hz 440 kiko mbali, Hz 31,560, na chujio rahisi linakiondoa. Kwa Hz 12,000 kiko Hz 20,000, na hapo chujio linahitaji mteremko mkali. Walau kasi ya sampuli haibadiliki, kwa hiyo chujio moja linatosha kwa masafa yote.

Mimi nachagua kilimbikizi kila masafa yanapohitaji kubadilika. Kama unataka Hz 1000 peke yake maisha yote, tengeneza jedwali la sampuli 100, weka taima mapigo 160, na utaipata kamili bila hatua wala miiba.

Ukikipima kilimbikizi, usitumie Hz 1000 kama kipimo pekee. Kwa masafa hayo M ni 134,217,728, yaani 2^27 kamili. Biti 24 za chini ni sifuri daima, wimbi linaruka sampuli 8 kila hatua, na miiba ya fezi haionekani kabisa. Weka Hz 1001 uangalie tena.