Kuzika hewa ukaa: tunatazama kifuniko, shida iko kwenye chungu

Wanaopinga kuzika hewa ukaa ardhini ili isipande angani huuliza: itavuja au haitavuja? Wanaounga mkono huwaonyesha mwamba wa kifuniko, ule ulio juu ya gesi iliyozikwa, wenye unene wa mamia ya mita, wakaona hoja imeisha. Kwa maoni yangu pande zote mbili zimekazia macho kifuniko, ilhali miradi iliyokwama mara nyingi shida yake ilianzia chini ya kifuniko, kwenye mwamba unaopokea gesi.

Mwamba huo si pango. Ni mchanga wa kale ulioshikamana, na vitundu kati ya chembe zake tayari vimejaa maji ya chumvi yasiyofaa kunywa wala kumwagilia. Gesi ikishuka zaidi ya mita 800 hivi, mgandamizo huishindilia: tani moja, ambayo huku juu ingetaka zaidi ya mita za ujazo 500, kule chini huenea kwenye mita moja na nusu hivi. Bado ni nyepesi kuliko yale maji, kwa hiyo hupanda mpaka igonge kifuniko.

Kifuniko kizuri nacho hakizuii kwa ugumu wake, maana mwamba mgumu mkavu hupasuka. Kwa kawaida ni tope la kale lililoshindiliwa, lenye vitundu vidogo mno vilivyolowa maji. Maji hayo yameng'ang'ania kuta za vitundu, na gesi haipiti mpaka iwe na nguvu ya kuyasukuma yatoke. Nguvu yake ya kuelea peke yake kwa kawaida haitoshi. Lakini sisi tukiongeza nguvu ya pampu kupita kiasi, hesabu inabadilika.

Tuanze na mfano unaopendwa na watetezi. Huko Sleipner, eneo la kuchimba gesi kwenye Bahari ya Kaskazini, Wanorwe walianza 1996 kuingiza hewa ukaa chini, na kwa miaka mingi waliingiza karibu tani milioni moja kwa mwaka. Gesi asilia ya pale ilikuwa na hewa ukaa nyingi mno kwa soko, na serikali ilikuwa imekwishaweka kodi ya kaboni mwaka 1991, hivyo kuiachia hewani kungewagharimu. Walichopata chini ni mchanga wa Utsira: unene wa mita 200 na zaidi, umetandaa kilomita nyingi, na umelegea hivi kwamba theluthi moja au zaidi ya ujazo wake ni nafasi kati ya chembe, iliyojaa maji. Ukisukuma maji upande mmoja yana pa kwenda, na mgandamizo haupandi sana. Vipimo vya mitetemo vinavyorudiwa kila baada ya miaka michache vinaonyesha gesi ikipanda na kutandaa tabaka kwa tabaka chini ya kifuniko, bila dalili ya kukipita.

Sasa twende In Salah, eneo jingine la gesi katika jangwa la Aljeria. Pale kifuniko kilikuwa kinene pia. Mwamba wa kupokea, kwa upande wake, ulikuwa na unene wa mita 20 tu, na maji hupita humo kwa shida mara mia na zaidi kuliko Utsira. Uingizaji ulianza 2004. Setilaiti zikaona ardhi juu ya visima ikiinuka milimita chache kila mwaka, na juu ya kisima kimoja mwinuko ukagawanyika mistari miwili, alama ya ufa uliofunguka chini. Uchambuzi ulionyesha kwamba huenda ufa umeingia sehemu ya chini ya kifuniko. Mwaka 2011 wakasimamisha uingizaji, baada ya tani milioni 3.8 hivi.

Mpinzani atasema: si ndiyo hayo? Ana haki, ila kwa nusu. Gesi haikupita kifuniko chote. Ilipoonekana juu, mwaka 2007, ilitokea kwenye kisima cha zamani cha utafiti, tundu lililochimbwa na watu wenyewe, nalo likazibwa. Kwa hiyo hofu ya kuvuja ingeelekezwa zaidi kwenye visima vikuukuu kuliko kwenye mwamba. Mtetezi naye asijifiche nyuma ya Sleipner, kwani mchanga kama wa Utsira hauko kila mahali. Ramani za nafasi iliyopo chini ya ardhi mara nyingi huhesabu vitundu tu, bila kuuliza maji yaliyomo yatahamia wapi.

Hilo ndilo lililowapata Wanorwe haohao huko Snøhvit, kaskazini zaidi. Walianza kuingiza gesi 2008, na kipimo cha mgandamizo kikapanda haraka kuliko walivyotarajia. Mwamba ulikuwa umekatwakatwa vyumba vyumba, na maji hayakuwa na njia. Hawakusubiri ufa. Mwaka 2011 waliziba sehemu ya chini ya kisima, wakatoboa tabaka jingine la mchanga lililokuwa juu zaidi katika kisima kilekile, na mgandamizo ukatulia. Bahati yao ni kwamba tabaka hilo lilikuwapo.