Mteja anapofanana na marehemu mdogo wako

"Mteja wangu anajaribu kuacha unga, na kila nikimtazama namwona mdogo wangu aliyekufa kwa unga huohuo. Nimpeleke kwa mshauri mwingine?"

Tuseme anayeuliza ni mshauri nasaha wa Mombasa, na anamuuliza msimamizi wake wa kitaaluma. Mfano nimeuunda mwenyewe, ila visa vya aina hii vipo.

Wanaosema amwachie mwingine wana hoja. Freud, mwasisi wa tiba ya uchanganuzi wa nafsi, alipoitaja mwaka 1910 hali hii ya hisia za mganga mwenyewe kuingilia kazi yake na mteja, aliiona ni kizuizi ambacho mganga hana budi kukitambua na kukishinda. Na dalili hizi hapa: kikao cha dakika 50 kinafika saa nzima na robo, mshauri anatoa nauli ya matatu mfukoni mwake, na wiki zinapita bila kuuliza lile swali la msingi, umetumia tena? Akimwita "mdogo wangu" hakuna anayeshtuka, maana hapa Pwani hata muuza madafu huitwa hivyo.

Lakini kijana ambaye jamaa zake wamekwisha mchoka, ukimhamisha ghafla ataona naye mshauri kamchoka. Tena mwaka 1950 Paula Heimann, mganga wa mkondo huohuo wa Freud, alidai kuwa hisia za mshauri ni chombo cha kumwelewa mteja. Naegemea upande huu, kwa sharti kwamba hisia hizo zifike kwa msimamizi kwanza.

Msimamizi anayejua kazi hatatoa pole akaishia hapo. Atataka kikao kisimuliwe neno kwa neno, bila jina la mteja. Na Mombasa hii, ukitaja mtaa na kazi ya babake, umeshamtaja. Kisha atauliza: anafanana na mdogo wako kwa lipi? Hafanani naye kwa lipi? Lipi hukuwahi kumwambia marehemu? Swali la pili ndilo zito. Mshauri anasita, halafu anasema: huyu alikuja mwenyewe, mdogo wangu tulikuwa tukimburuta.

Kikao kinachofuata na kijana, mshauri anauliza lile swali la msingi. "Nilivuta mara mbili, dada," kijana anajibu. "Sikutaka kukuumiza."

Kumbe walikuwa wakilindana. Hapo hisia zimeleta habari: huenda hata nyumbani watu hawamuulizi, naye hasemi. Huenda tu, kwa sababu mshauri mwenye msiba wake ni mwepesi wa kumbandika mteja majonzi yasiyo yake. Namna ya kupima ni kumuuliza kijana mwenyewe mambo ya nyumbani yakoje, si kumkisia.

Lile swali la tatu halimalizwi mbele ya msimamizi. Msiba una mahali pake, kwa mshauri wa mshauri. Na msimamizi akiwa ndiye bosi anayesaini mkataba, usitarajie habari ya nauli isemwe.

Baada ya vikao viwili vitatu vya usimamizi, ikiwa muda bado unapitiliza na maswali magumu bado yanakwepwa, hapo amhamishe, kwa kikao cha kuagana na mshauri mpya akiwa tayari amepatikana. Mteja akiwa ndugu wa damu hasa, hakuna kungoja hivyo vikao viwili.