Msiwafundishe Kukagua Kona Kabla ya Kukagua Uwazi

Kuna karatasi ya marudio inayozungushwa kwa wanafunzi wa Kidato cha Nne hapa Kisumu, na swali lake moja la upangaji wa mstari, yaani kutafuta thamani kubwa au ndogo chini ya masharti, limenikera. Limechora eneo lililo wazi upande wa juu na kulia, likauliza thamani kubwa kabisa, kisha jibu likachukuliwa kutoka kwenye kona yenye namba kubwa. Jibu hilo si sahihi, na atakayelikariri ataingia nalo kwenye mtihani.

Tuchukue chakula cha kuku. Tuseme gorogoro moja ya omena, x, inatoa vipimo 3 vya protini na 1 cha nguvu, kwa shilingi 120. Gorogoro ya pumba za mahindi, y, inatoa 1 cha protini na 2 vya nguvu, kwa shilingi 60. Mchanganyiko unahitaji angalau vipimo 9 vya protini na 8 vya nguvu. Masharti ni 3x + y ≥ 9, x + 2y ≥ 8, na x, y zisiwe hasi. Ukichora na kufifisha upande usiotakiwa, unabaki na kona tatu: (0, 9), (2, 3) na (8, 0). Gharama zake ni 540, 420 na 960.

Kwa nini tuangalie kona tu? Hapa ndipo mwanafunzi huambiwa "ni kanuni" na somo likaishia hapo, ilhali sababu yenyewe anaweza kuifuata kwa kidole kwenye karatasi ya grafu. Simama ndani ya eneo, kwenye (3, 6), gharama 720. Kila gorogoro ya omena unayopunguza inaokoa shilingi 120, na unayoongeza inakula 120. Gharama ni ya mstari, kwa hiyo upande mmoja ukipandisha, upande wa pili unashusha kwa kiasi kile kile. Basi hakuna sababu ya kubaki katikati. Punguza omena mpaka uguse ukuta wa protini kwenye (1, 6): gharama 480. Sasa tembea juu ya ukuta huo. Kila gorogoro ya omena unayoongeza inakuruhusu kuondoa tatu za pumba, yaani 120 kutoa 180, unaokoa 60. Unafika (2, 3), gharama 420, na hapo ukuta wa nguvu unakuzuia. Ukiufuata huo ukuta wa pili, kila gorogoro ya pumba unayoondoa inadai mbili za omena: unaongeza 240, unaokoa 60, umepoteza 180. Kila njia kutoka hapo inapanda. Ikitokea mwendo fulani haupandishi wala kushusha, ufuate upande wowote wenye ukuta mbele. Hutapoteza chochote, na bado utaishia konani.

Sasa angalia hoja hiyo ilisimama juu ya nini: kila ulipotembea upande mzuri, ulikutana na ukuta. Eneo likiwa limefungwa pande zote, ukuta upo lazima, na nakubali kwamba hapo njia ya mkato ya kukagua kona ni salama na inaokoa dakika. Lakini badilisha swali utafute thamani kubwa ya 120x + 60y kwenye eneo lile lile. Kutoka (3, 6) ongeza omena. Hakuna ukuta, kamwe. Ile 960 ya kona (8, 0) inapitwa na (9, 0), yenye 1,080, na hiyo nayo inapitwa. Thamani kubwa haipo.

Wengine wanakosea kinyume: wakiona eneo wazi wanaandika "hakuna jibu". Ile 420 je? Tafuta pande ambazo unaweza kwenda bila kikomo. Hapa ni kulia, (1, 0), na juu, (0, 1), pamoja na michanganyiko yake. Kulia gharama inapanda 120 kwa hatua, juu inapanda 60. Hakuna inayoshuka, kwa hiyo thamani ndogo ipo, na ipo konani. Asiyeamini azidishe sharti la protini kwa 36 na la nguvu kwa 12, kisha ajumlishe: anapata 120x + 60y ≥ 324 + 96 = 420. Hakuna mchanganyiko unaoweza kushuka chini ya hapo.

Omena ikitolewa bure, gharama ni 60y, na upande wa kulia hauongezi kitu. Thamani ndogo ni 0 kwenye (8, 0), na pia kwenye (9, 0), (10, 0) na kuendelea. Kona bado imo kati ya majibu, ila haiko peke yake.

Na sharti la kutokuwa hasi si pambo. Katika swali lingine, ukiliondoa na kubaki na 2 ≤ x + y ≤ 5 tu, eneo ni ukanda usio na kona hata moja, ilhali thamani kubwa ya x + y ni 5.

Kwa wanaotumia kompyuta, `linprog` ya SciPy, maktaba ya hesabu ya Python, huripoti hali ya thamani isiyo na kikomo kwa `status` 3. Ukiiona kwenye hesabu ya chakula au shamba, rudi kwenye masharti: mara nyingi kuna kikomo ulichosahau kuandika, kama vile pesa zilizopo au magunia yanayoingia stoo.