Kutafuta wa kukusemea ndani bila kusema "naomba kazi"

"Ni mhasibu msaidizi hapa Dar, nina miaka miwili kazini. Kuna kampuni ya malori naitamani, na dada niliyesoma naye chuo yupo idara yao ya fedha. Hatujaongea miaka mitatu. Nimwingieje anipendekeze bila kuonekana naombaomba?"

Mweke kwanza huyo dada mbele yako. Simu inalia, ni wewe: "Mambo, upo? Umepotea! Nikumbuke basi ukisikia nafasi hapo." Salamu ya namna hiyo baada ya kimya cha miaka mitatu, kila Mswahili anajua inaelekea kwenye mkopo au kazi. Naye hana la kufanya nayo. Haajiri yeye, wala hajui unaweza nini. Atajibu "tuma wasifu wako", utatuma, na faili litalala kwenye simu yake katikati ya kadi za michango ya harusi. Si roho mbaya. Umemwomba kitu asicho nacho.

Alicho nacho ni habari za kazi yenyewe, na hizo hazimgharimu. Mimi ningeandika hivi: "Habari za siku, dada. Nimeona upo idara ya fedha hapo, hongera. Mimi bado nipo kwenye hesabu za wadaiwa, natumia Tally, ila nafikiria kuhamia kampuni za usafirishaji. Kuna kitu kinanitatiza: mafuta na posho za madereva mnazifunga kwa kila safari au mwisho wa mwezi? Ukipata dakika kumi siku yoyote, nikupigie."

Nia hapo haijafichwa, "nafikiria kuhamia" imesemwa wazi. Lakini hakuna ombi la kukataa, na swali la posho linamwonyesha kwamba unaijua kazi. Mkiongea, muulize wageni wa idara hiyo hukwama wapi miezi ya mwanzo. Mwishoni uliza nafasi zikitokea hupitia wapi. Akisema "nitumie wasifu nimwonyeshe mkuu wangu," amejitolea mwenyewe. Akisema "angalia tovuti yetu," umeshajibiwa. Shukuru, usirudi wiki ijayo na swali jingine la posho.

Wapo wanaosema huu ni unafiki wa kistaarabu, kwamba ushauri unaoombwa na mtu asiye na kazi nzuri ni ombi la kazi lililovaa kanzu. Kwa kiasi nakubaliana nao. Ukiomba ushauri Jumatatu na Jumatano ukatuma wasifu bila kuulizwa, atajiona ametumiwa. Kuzunguka kunafaa pale ambapo hakuna nafasi iliyotangazwa.

Tangazo likishatoka, acha mzunguko. Kampuni nyingi zenye mpango wa wafanyakazi kupendekeza watu hutaka jina liingizwe na mfanyakazi kabla mwombaji hajaomba mwenyewe. Ukitangulia kujaza fomu kwenye tovuti, mara nyingi pendekezo lake halihesabiki, na kama kuna bonasi, ambayo kwa kawaida hulipwa mgeni akishamaliza muda wa majaribio, naye anaikosa. Kwa hiyo mwambie waziwazi: "Nimeona tangazo la mhasibu, linafungwa Ijumaa. Kabla sijaomba, je, mna utaratibu wa kupendekeza? Kama haikukalii vizuri, hakuna neno, nitaomba kawaida." Sentensi ya mwisho usiikate, maana ndiyo mlango wake wa kutokea.

Lawama nzito zaidi ni ya vimemo. Kwetu neno "kupendekezwa" lina harufu ya kimemo cha mkubwa, na anayelalamika ana hoja: asiye na mtu ndani anabaki nje hata kama anaweza kazi. Tofauti ninayoiona ni kwamba pendekezo linakufikisha kwenye usaili, kimemo kinakuvusha usaili. Serikalini, kwenye nafasi zinazopitia Sekretarieti ya Ajira, hata usijaribu.

Kuhusu ile miaka mitatu ya kimya, isikutishe sana. Mwanasosholojia Mark Granovetter aliwachunguza watu wa kazi za kitaaluma huko Newton, karibu na Boston, na mwaka 1973 akaandika kwamba kati ya waliopata kazi kupitia mtu, chini ya asilimia 17 walikuwa wakionana naye mara kwa mara. Zaidi ya robo walionana kwa nadra. Rafiki wa kila siku anazijua habari zile zile unazozijua wewe. Newton si Temeke, lakini hilo nimeliona hata huku.

Kimya hicho kina tatizo jingine: huyo dada hajawahi kukuona ukifanya kazi. Bosi atamuuliza, "Unamfahamu vipi?" Akidanganya nawe ukavurunda, jina lake ndilo litakalochafuka. Mwandikie mistari miwili ya kweli anayoweza kuituma kama ilivyo: "Nilisoma naye chuo, sijafanya naye kazi. Ana miaka miwili kwenye hesabu za wadaiwa, na aliniuliza kuhusu posho za madereva kabla hata tangazo halijatoka."