Kabla ya kunionyesha faida, niambie umejaribu mara ngapi

Fungua Strategy Tester, sehemu ya kujaribu mikakati kwa bei zilizopita katika programu ya biashara ya MetaTrader 5, chagua EURUSD kwenye chati ya siku, miaka 5. Iambie ijaribu wastani wa bei wa haraka wa siku 5 hadi 50 kwa hatua ya 5, wastani wa polepole wa siku 60 hadi 150 kwa hatua ya 10, pamoja na viwango 10 vya RSI, kiashiria cha kasi ya bei. Hapo umeagiza majaribio 10 × 10 × 10, yaani 1,000. Jedwali likijaa unalipanga, na tuseme mstari wa juu una uwiano wa Sharpe wa 1.4, yaani faida ya wastani ya mwaka ni mara 1.4 ya mtikisiko wake. Wengi hapo hupiga picha ya skrini na kuisambaza. Kwangu mimi picha hiyo peke yake haithibitishi kitu, kwa sababu 1.4 ndiyo namba ya kutarajia pale michanganyiko 1,000 isiyo na uwezo wowote inaposhindanishwa.

Hesabu yake ni fupi. Mkakati usio na uwezo una Sharpe halisi ya 0, lakini ukiupima kwa miaka 5 tu, kipimo huyumba kwa takriban 1 kugawanya kwa kipeuo cha pili cha 5, yaani 0.45. Ukijaribu mmoja tu, kuvuka 0.9 ni bahati ya mara 2 hivi katika 100. Lakini wewe hukuchukua mmoja, ulichukua mshindi. Mshindi kati ya 10 hufika 0.7 kwa wastani, kati ya 100 hufika 1.1, kati ya 1,000 hufika 1.45. Asiyeamini aendeshe hii:

```python
import numpy as np
rng = np.random.default_rng()
r = rng.normal(0, 1, (252*5, 1000))
s = r.mean(0) / r.std(0) * np.sqrt(252)
print(s.max())
```

Humo hamna soko wala kiashiria, ni namba za kubahatisha tupu, na bado jibu huangukia karibu na 1.4 au 1.5.

Mtu makini atapinga kwamba wastani wa 20/100 na wa 25/100 ni ndugu, hufungua oda karibu siku zilezile, kwa hiyo hayo si majaribio 1,000 yanayojitegemea. Ni kweli. Ndiyo maana kugawanya kikomo cha kawaida cha bahati, 0.05, kwa 1,000 huwa ni ukali uliopitiliza. Lakini yapo mangapi basi, 50 au 300? Badala ya kukisia, changanya bei zenyewe. Chukua mabadiliko ya bei ya kila siku, yakate vipande vya siku 10 ili siku zenye msukosuko zibaki pamoja kwa kiasi fulani, vivuruge kama karata, kisha ujenge upya chati ya uongo. Juu yake rudia utafutaji wote wa michanganyiko 1,000, pamoja na gharama za spredi, uandike Sharpe ya mshindi tu. Fanya hivyo mara 500. Kosa la kawaida ni kuupeleka mshindi wa chati halisi peke yake kwenye chati za uongo. Hapo umeruka mashindano, na mashindano ndiyo yaliyoleta upendeleo. Ikiwa washindi 140 kati ya 500 wamefika 1.4 au zaidi, uwezekano wa bahati kufika hapo, ukihesabu na chati halisi, ni 141/501, yaani 0.28. Huo si mkakati wa kuwekea pesa.

Kipengele cha Forward, kinachotenga kipindi cha mwisho cha data kwa ajili ya kupima, husaidia, ila ukikiangalia mara moja tu. Ukikagua 20 bora na kumchagua aliyefanya vizuri kipindi cha mbele, umeanzisha mashindano mengine: hata wasio na uwezo, karibu nusu yao wataonyesha faida pale. Na hesabu ya majaribio haianzi kwenye jedwali la mwisho. Ulipohama kutoka chati ya saa moja, H1, kwenda ya saa nne, H4, ulipoiacha GBPUSD kwa sababu “haikubali”, ulipotupa kiashiria cha MACD, yote hayo ni majaribio. Anayekuuzia roboti mara chache huyaandika.

Hata marekebisho yana mwisho wake. Mwaka 1999 Sullivan, Timmermann na White walichapisha uchunguzi wa kanuni 7,846 kwenye takribani miaka 100 ya Dow Jones. Kwa data iliyoishia 1986, kanuni bora ilisimama hata baada ya kuhesabu kanuni zote zilizojaribiwa. Katika miaka 10 iliyofuata, haikusimama tena.